Mafuta ya samaki: gramu moja si sawa na gramu nne



Katika nyumba nyingi za Waislamu, ukifungua kabati la sebuleni utakuta chupa tatu zimesimama pamoja: ya habbat sauda, ya asali, na ya vidonge vya mafuta ya samaki. Chupa hii ya tatu mara nyingi imeletwa na ndugu aliyetoka Maskati, Dubai au London, au imenunuliwa duka la dawa la mtaani kwa fedha si haba. Baba anameza kwa ajili ya moyo, mama kwa ajili ya magoti, na mtoto anapewa ili apate akili darasani. Hakuna anayeuliza ni kiasi gani, kwa sababu imeshakubalika kuwa samaki ni chakula, na chakula hakina dozi.

Leo nataka tulizungumze jambo hilo la kiasi, kwa sababu hapo ndipo madhara yanapoingilia. Mafuta haya yakitumiwa kwa kiwango kikubwa, yaani gramu 4 kwa siku, ni dawa kamili. Yana watu wake wanaoandikiwa na madaktari, yana faida yake, na yana madhara ambayo sasa yamethibitika: yanaongeza uwezekano wa moyo kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Aliyeandikiwa na daktari anaibeba hatari hiyo kwa sababu kuna hatari kubwa zaidi anayokingwa nayo. Anayejipimia mwenyewe anaibeba bure.

Moyo unaopapatika

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vile vya juu, ambavyo madaktari huviita atria, hupokea damu na kuisukumia chini, na vile vya chini huisukuma mwilini. Kazi hii inaongozwa na umeme mdogo unaotoka sehemu moja ya moyo kwa utaratibu, mfano wa imamu anayetoa takbira na safu zote zikamfuata. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, umeme huo hutoka ovyo ovyo sehemu nyingi za vyumba vya juu kwa mara moja. Vyumba vile haviwezi tena kujikunja na kukamua damu, vinabaki kutetemeka na kupapatika tu. Ndiyo maana tunauita mpapatiko wa atria.

Kwa kawaida mtu hafi pale pale kwa mpapatiko huu, na wengine huishi nao miaka bila kujua. Ubaya wake ni kwamba damu isiyosukumwa vizuri hutuama kwenye kona za chumba cha juu cha kushoto, na damu iliyotuama huganda. Bonge la damu likichomoka hapo hupanda na mishipa hadi kwenye ubongo, na mtu anaamka asubuhi mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Mwenye mpapatiko wa atria ana uwezekano wa kupata kiharusi takriban mara tano kuliko mwenzake wa umri ule ule asiye nao. Kwetu, kiharusi cha namna hiyo aghalabu huitwa "mambo ya watu", na mgonjwa hupelekwa kwingine kabla ya kufika hospitali.

Sasa, mafuta ya samaki yanahusikaje? Kuna kinyume cha ajabu hapa. Mwaka 1999 utafiti mkubwa uliofanyika Italia, uitwao GISSI, kwa watu zaidi ya 11,000 waliokuwa wamepata mshituko wa moyo, ulionyesha kuwa gramu 1 ya mafuta hayo kwa siku ilipunguza vifo, hasa vile vifo vya ghafla. Madaktari wengi wakafahamu kuwa mafuta ya samaki yanautuliza umeme wa moyo. Magazeti yakaandika, maduka yakauza. Wengine wakaenda mbele zaidi wakayajaribu kama kinga ya mpapatiko wenyewe. Katika utafiti wa OPERA uliotoka mwaka 2012, wagonjwa 1,516 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa moyo walipewa mafuta hayo au mafuta ya kawaida. Mpapatiko ukawapata watatu katika kila kumi wa kila upande, na dawa haikuzuia chochote.

Baada ya hapo zikaja tafiti za dozi kubwa, na mizani ikageuka kabisa.

Anayeandikiwa ni nani?

Kabla ya kuzitazama tafiti hizo, tumtazame kwanza anayepewa dawa hii. Katika damu kuna mafuta ya aina mbalimbali. Watu wengi wamesikia kolesteroli. Yapo mengine yaitwayo trigliseridi, ambayo hupanda kwa vitu vitamu, wanga mwingi, unene, pombe, na kisukari kisichodhibitiwa. Kiwango cha kawaida ni chini ya miligramu 150 katika desilita ya damu, au 1.7 kwa maabara zinazotumia kipimo cha milimoli.

Kundi la kwanza ni wale ambao trigliseridi zao zimefika 500 na zaidi, yaani 5.6 kwa kipimo kile kingine. Hapo daktari anaogopa kongosho. Mafuta yakizidi sana katika damu kongosho huweza kuvimba ghafla, na maumivu yake ni ya tumbo la juu yanayochoma hadi mgongoni, na yanaweza kuua. Mtu huyu huandikiwa gramu 4 za mafuta ya samaki yaliyosafishwa kiwandani, pamoja na kurekebisha mlo na sukari. Dawa iliyotangulia kwa kazi hii iliitwa Omacor, nayo iliruhusiwa Marekani mwaka 2004. Kwa dozi hiyo trigliseridi hushuka kwa sehemu ya tano hadi ya tatu hivi.

Kundi la pili ni wale ambao tayari wana ugonjwa wa mishipa ya moyo, au wana kisukari pamoja na vihatarishi vingine, wanameza dawa za kundi la statini za kushusha kolesteroli, na bado trigliseridi zao ziko juu ya 150. Hawa huandikiwa dawa ya aina moja tu ya mafuta hayo, ile iitwayo EPA, iliyotengwa na kusafishwa. Jina lake la biashara ni Vascepa, na hupewa gramu 2 asubuhi na gramu 2 jioni pamoja na chakula.

Makundi ni hayo mawili. Lilikuwepo la tatu, la waliowahi kupata mshituko wa moyo, ambao kufuatana na ule utafiti wa Italia walipewa gramu 1 kwa siku. Lakini Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia ushahidi wote na mwishoni mwa mwaka 2018 likaamua kwamba kwa kazi hiyo dawa haisaidii, uamuzi uliothibitishwa mwaka 2019. Statini, aspirini, na kuzibua mishipa vimechukua nafasi, na gramu ile moja haikuonekana tena kuongeza kitu. Kwa hiyo mtu anayekwambia "daktari wangu alinipa miaka ile" huenda anasema kweli, ila ushauri wenyewe umeshabadilika.

Tafiti mbili za gramu nne

Utafiti wa kwanza uliitwa REDUCE-IT na matokeo yake yalitoka mwaka 2018. Watu 8,179 wa lile kundi la pili waligawanywa, wengine wakapewa gramu 4 za Vascepa, wengine mafuta yasiyo dawa, wakafuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Tukichukua watu 1,000 wa kila upande, waliopatwa na tukio kubwa la moyo au mishipa, kama vile mshituko wa moyo, kiharusi au kifo, walikuwa 220 kwa wasiopewa dawa na 172 kwa waliopewa. Watu 48 waliokolewa na tukio hilo, na hiyo si faida ndogo.

Lakini tazama upande wa pili wa daftari. Waliolazwa hospitali kwa mpapatiko wa atria au ndugu yake wa karibu walikuwa 21 katika 1,000 kwa wasiopewa, na 31 kwa waliopewa. Watu kumi zaidi. Na kwa wale ambao walikwisha kuwa na historia ya mpapatiko kabla ya kuanza, idadi iliruka kutoka 63 hadi 125 katika kila 1,000, yaani karibu mara mbili. Kutokwa damu vibaya nako kuliongezeka kidogo.

Mtu wa kundi lile akiniuliza, nitamwambia faida imeshinda. Hata viharusi vilipungua kwa waliopewa dawa, pamoja na kwamba mpapatiko uliongezeka. Ila faida ile ilipatikana kwa watu wa aina ile, kwa dawa ile, chini ya macho ya daktari.

Utafiti wa pili uliitwa STRENGTH, ukatoka mwaka 2020. Watu 13,078 wanaofanana na wale, gramu 4 pia, isipokuwa mafuta haya yalikuwa na EPA na mwenzake DHA pamoja, kama yalivyo mafuta mengi ya madukani. Ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu hapakuonekana faida yoyote kwa moyo. Mpapatiko je? Watu 22 katika 1,000 dhidi ya 13.

Wataalamu wamebishana sana kwa nini mmoja ulileta faida na mwingine haukuleta. Wapo wanaosema mafuta ya madini waliyopewa wale wasiopewa dawa katika REDUCE-IT yaliwadhuru kidogo na kuifanya dawa ionekane bora kuliko ilivyo. Wengine wanasema siri ni EPA peke yake bila DHA. Nisingependa kumchosha msomaji kwa mabishano hayo. Linalonigusa mimi ni hili: juu ya faida tafiti mbili zimetofautiana, na juu ya mpapatiko zimekubaliana.

Mwaka 2021 watafiti walikusanya pamoja tafiti saba zenye watu zaidi ya 81,000. Waliotumia zaidi ya gramu 1 kwa siku, hatari ya mpapatiko iliongezeka kwa asilimia 49. Waliotumia gramu 1 au pungufu, iliongezeka kwa asilimia 12. Tusizisome vibaya hesabu hizi. Asilimia 49 haina maana kwamba nusu ya watumiaji wataugua. Maana yake ni kwamba kama kati ya wazee 1,000 wangeugua 20 hata bila dawa, sasa wataugua karibu 30. Na katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL, uliowapa zaidi ya watu 25,000 kiasi kisichofika gramu 1, hapakuthibitika ongezeko lolote. Kwa ufupi kipimo kinapopanda, hatari inapanda nacho.

Mwaka 2023 Shirika la Dawa la Ulaya liliagiza mpapatiko wa atria uandikwe kwenye karatasi za dawa hizi kuwa ni athari ya kawaida, yaani inayoweza kumpata hadi mtu mmoja katika kumi, na kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa gramu 4. Likaongeza kuwa mgonjwa akipata mpapatiko dawa isimamishwe moja kwa moja. Mamlaka ya Uingereza ikatoa tahadhari kama hiyo Januari 2024. Karatasi hizo zimo ndani ya maboksi ya dawa za cheti. Chupa inayouzwa kama chakula cha nyongeza haina karatasi hiyo, hata kama ndani yake mna mafuta yale yale.

Hesabu ya mzee na chupa mbili

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 70, mwenye presha anayomeza dawa yake vizuri. Trigliseridi zake hazijapimwa hata siku moja. Kijana wake aliyeko Ghuba anamletea chupa ya mafuta ya samaki iliyoandikwa mbele kwa tarakimu kubwa: 1000 mg. Rafiki yake msikitini amesikia kwamba "madaktari wa moyo wanatoa gramu nne", basi mzee anameza vidonge vinne kila siku.

Je, mzee anapata gramu 4? La. Ile 1000 mg iliyoandikwa mbele ni uzito wa mafuta yote yaliyomo ndani ya kidonge. Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Katika kidonge cha kawaida utakuta EPA 180 mg na DHA 120 mg. Ukijumlisha unapata 300, na hizo 300 ndizo tunazozihesabu. Yaliyobaki ni mafuta mengine tu. Vidonge vinne basi ni 1200 mg, yaani gramu 1.2. Amevuka gramu moja kidogo.

Chupa inaisha. Safari hii kijana anamletea iliyo bora zaidi, ya bei kubwa, iliyoandikwa kuwa ina nguvu mara tatu. Kidonge ni kile kile kwa ukubwa, lakini nyuma EPA na DHA kwa pamoja ni 900 mg. Mzee hana habari. Anaendelea na vinne vyake kama alivyozoea. Sasa 900 mara 4 ni 3600 mg, gramu 3.6. Kutoka chupa moja hadi nyingine, bila kubadilisha chochote mkononi mwake, mzee amehama kutoka dozi ya mtu anayejitunza hadi dozi ya mgonjwa wa hospitali. Na dawa ya cheti yenyewe ya aina ya Omacor, yenye vidonge vinne vya 840 mg, humpa mgonjwa gramu 3.4 hivi. Mzee wetu amempita mgonjwa!

Kuna mtego mwingine katika maandishi hayo ya nyuma. Baadhi ya viwanda huandika kiasi cha vidonge viwili kwa pamoja kama kipimo kimoja, vingine cha kimoja. Angalia juu ya jedwali ni vidonge vingapi wanavyovihesabu kabla hujazidisha.

Mzee huyu ana kila sababu ya kuogopa. Umri wake na presha yake peke yake ni vihatarishi vikubwa vya mpapatiko. Faida ya gramu 3.6 kwake haijulikani kwa sababu trigliseridi hazijapimwa. Na akiwa anameza aspirini au warfarini, damu yake tayari ni nyepesi na mafuta haya huizidishia wepesi. Utafiti wa Norwei uitwao OMEMI wa mwaka 2020 uliwatazama wazee wa miaka 70 hadi 82 waliotoka kwenye mshituko wa moyo. Kwa gramu 1.8 tu kwa siku hawakupata faida yoyote, na mpapatiko mpya ulionekana kwa 7 katika 100 dhidi ya 4. Tofauti hiyo peke yake isingetosha kuwa ushahidi, kwa kuwa wagonjwa walikuwa elfu moja tu na ushei, lakini inaelekea kule kule kwa tafiti nyingine.

Yapo pia mafuta ya ini la samaki yanayonywewa kwa kijiko. Haya yana vitamini A kwa wingi, kwa hiyo mtu akiyatumia kutafuta zile gramu 4, atalidhuru ini lake kwa vitamini kabla hata hajafika kwenye moyo. Mama mjamzito asiyaguse kabisa bila ya ruhusa ya mkunga au daktari, kwani vitamini A ikizidi humlemaza mtoto tumboni.

Namna ya kuukamata ugonjwa

Mwenye mpapatiko anaweza kuhisi moyo unaruka au unapapatika kama ndege kifuani, pumzi inakatika akipanda ngazi, kizunguzungu, au uchovu asioujua sababu. Lakini wengi hawahisi kitu. Kwa hiyo tusingoje dalili. Kila anayetumia mafuta haya zaidi ya gramu 1, na mzee yeyote wa presha, ajifunze kushika mapigo yake.

Baada ya swala ya Isha, kaa kitako dakika tano utulie. Geuza kiganja juu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, katika kale kabonde kalioko kandokando ya mfupa. Usitumie gumba, lina mapigo yake lenyewe litakudanganya. Hesabu dakika nzima kwa saa, usihesabu sekunde kumi ukazidisha. Kwa mtu mzima aliyetulia idadi ya 60 hadi 100 ni ya kawaida. Lakini zaidi ya idadi, sikiliza mpangilio. Mapigo mazima huenda kama saa ya ukutani. Pigo moja likiruka mara moja moja, watu wengi wenye afya wanalo hilo. Mapigo ya mpapatiko hayana kanuni yoyote, ni kama matone ya mwisho ya mvua juu ya bati, mawili ya haraka, kimya, moja, kisha matatu. Mwenye mashine ya presha nyumbani anaweza pia kuona alama ya moyo usio na mpangilio kwenye kioo, au kupata presha tofauti sana kila anapopima.

Ukiona hivyo nenda hospitali ukafanyiwe kipimo cha ECG, ambacho huchora umeme wa moyo kwenye karatasi kwa dakika chache na hakina maumivu. Mpapatiko una tabia ya kuja na kuondoka, kwa hiyo karatasi ikitoka safi na wewe bado unayahisi mapigo mabovu, omba kipimo cha kuvaa kwa saa 24. Ukithibitika, daktari atapima kama unahitaji dawa ya kuzuia damu isigande na ya kupunguza mbio za moyo. Chukua na chupa yako ya mafuta ya samaki ukamwonyeshe, maana asipoiona hatauliza, na wewe hutaikumbuka kwa kuwa huihesabu kuwa ni dawa. Uso ukilegea upande mmoja, mkono ukakosa nguvu au ulimi ukawa mzito, hapo usihesabu mapigo tena. Kimbilia hospitali saa ile ile.

Aliyejinunulia mwenyewe aache leo hii, hakuna madhara ya kuacha ghafla. Aliyeandikiwa kwa ajili ya kongosho au mishipa asiache kwa sababu ya makala hii. Amwendee daktari wake, na kama mapigo yamekwisha kuvurugika amwendee siku hiyo hiyo.

Maoni yangu juu ya wauzaji

Najua nitawaudhi baadhi ya wenye maduka. Kwa maoni yangu muuzaji anayemkabidhi mzee chupa ya nguvu mara tatu na kumwambia "meza vingi tu, ni samaki" anafanya kazi ya daktari bila ya elimu ya daktari. Maswali mawili yangetosha: umepimwa trigliseridi, na umewahi kuambiwa moyo wako unaenda vibaya? Akijibu hajapimwa, apewe anwani ya maabara kabla ya chupa. Na aliyewahi kuwa na mpapatiko asiuziwe kabisa. Hoja ya kwamba ni chakula haisimami, kwa sababu hakuna mtu anayekula samaki kiasi hicho. Ili upate gramu 3 za EPA na DHA kutoka kwa samaki wenye mafuta kama vibua, ungehitaji takriban gramu 200 hadi 300 za nyama yake kila siku bila kukosa. Kitoweo cha samaki mara mbili kwa wiki kiko mbali sana na hapo, na simkatazi mtu.

Na mwenye trigliseridi za 200 au 300 asiye na ugonjwa mwingine, kabla ya kuwaza mafuta yoyote, apunguze soda, sharubati, halua na chai ya sukari tatu kwa miezi mitatu, apunguze uzito, kisukari kama kipo kishikwe, kisha apime tena akiwa hajala usiku kucha. Wengi hushuka bila ya kidonge.

Wasomaji kadhaa huuliza juu ya jelatini ya maganda ya vidonge hivi. Hutengenezwa kwa ng'ombe, kwa nguruwe au kwa samaki, na chupa isiyotaja asili yake haiwezi kuhukumiwa kwa kuitazama. Tafuta iliyoandikwa waziwazi, au uliza kiwanda. Anayetumia dawa ya cheti amwombe mfamasia amsomee orodha ya viungo, asiikatize dozi kwa shaka tu.

Kwa walioandikiwa gramu 4, Ramadhani haiwi tatizo. Dozi ni mara mbili na inatakiwa pamoja na chakula, basi gramu 2 zikae kwenye futari na gramu 2 kwenye daku. Aliyepitwa na daku asimeze zote nne wakati wa futari. Anameza mbili zake za kawaida na kuendelea.